Saa Saba na Nusu Iliyokuja Mara Mbili: Njia Nne za Kuandika Muda, na Ipi Uichague

"Kaka, mimi niliingia saa sita usiku, nikatoka saa tatu asubuhi. Hesabu mwenyewe kwa vidole."

Nikahesabu. Saa tisa. Karatasi ya malipo iliyokuwa mezani ilisema nane, na dada aliyekuwa ameketi mbele yangu hakuwa na haraka ya kuondoka. Ofisi yenyewe ipo Mikocheni. Vijana wa zamu wanapokea simu za wateja wa duka la mtandaoni la Uingereza, na mimi ndiye ninayetunza takwimu zao: nani alipokea simu gani, kwa dakika ngapi, na zamu ilianza na kuisha lini. Zamu zinapangwa kwa saa za London. Ile ya usiku huanza 22:00 ya Jumamosi na kuisha 06:00 ya Jumapili. Toa moja katika nyingine, unapata nane. Ndivyo kompyuta ilivyofanya, na ndivyo mhasibu alivyolipa.

Lakini usiku wenyewe ulikuwa wa kuamkia Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024. Nilipofungua faili la simu za usiku huo nikakuta kituko kingine: simu moja ilianza 01:50 ikakatwa 01:10. Dakika hasi arobaini. Mtu aliyepitia faili kabla yangu alikuwa ameona hasi akaandika sifuri, kwa hiyo yule dada alikuwa amekatwa saa nzima ya zamu na simu moja juu yake.

Katika maelezo haya nitaandika saa za London kwa tarakimu, na za kwetu kwa Kiswahili, ili zisipigane vikumbo.

Kilichotokea ni hiki. Majira ya kiangazi Uingereza hukaa saa moja mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa isiyobadilika na majira, na saa hizo zinaitwa BST. Majira ya baridi hurudi sawasawa na UTC, zinaitwa GMT. Badiliko la kurudi nyuma hufanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, UTC ikifika saa 01:00. Saa ya ukutani London inakaribia kugonga 02:00, lakini badala ya kugonga inarudi 01:00. Kwa hiyo kila dakika kati ya 01:00 na 01:59 inapita mara mbili. Mara ya kwanza huku kwetu ni kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi, na mara ya pili ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja alfajiri. Dar es Salaam haijui mambo hayo. Tuko karibu na ikweta, siku ndefu na siku fupi za mwaka hazipishani hata kwa saa nzima, na saa yetu inabaki UTC+3 mwaka mzima. Wanaoliona badiliko hili ni wale wa vibanda umiza: mechi ya 15:00 ambayo Septemba waliiangalia saa kumi na moja jioni, Novemba wanaiangalia saa kumi na mbili.

Nilimuuliza yule dada kama anakumbuka ile simu ilikuwa saa ngapi kwa hapa. Akasema ilikuwa kabla ya adhana. Ushahidi mzuri, ila haukunisaidia, maana saa ya kwanza yote na sehemu kubwa ya saa ya pili zilikuwa kabla ya adhana.

Ile simu ya dakika hasi ndiyo ya afadhali, kwa sababu inajitangaza. Yenye hatari ni nyingine. Chukua mteja aliyeanza kuzungumza 01:20 akakata 01:40. Ukitazama, unaona dakika ishirini, jambo la kawaida kabisa. Lakini ikiwa alianza katika saa ya kwanza akamaliza katika ya pili, amezungumza saa moja na dakika ishirini, na hakuna mtu atakayegundua kwa kuangalia mstari huo peke yake. Hapo hakuna hasi wala rangi nyekundu ya kukushtua.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja hapa. Ukimwambia mtu "tuonane saa tisa" bila zaidi, atakuuliza: ya usiku au ya alasiri? Anajua kwamba namba peke yake haitoshi, panahitajika neno la pembeni. Saa inayojirudia ni tatizo hilohilo, ila watu wa huko hawakuzoea kuweka neno hilo. Kwa hiyo swali la kuamua ni dogo: neno gani la pembeni liambatane na 01:50 na 01:10 ili zisichanganywe? Nimeona njia nne zikitumika. Hii hapa simu moja, mwanzo na mwisho wake, katika zote nne:

```
A  2024-10-27 01:50 BST         2024-10-27 01:10 GMT
B  2024-10-27T01:50:00+01:00    2024-10-27T01:10:00+00:00
C  2024-10-27T00:50:00Z         2024-10-27T01:10:00Z
D  2024-10-27 01:50 fold=0      2024-10-27 01:10 fold=1
```

Zote nne zinasema kweli. Zote nne, ukizihesabu sawasawa, zinakupa dakika ishirini: kuanzia saa tisa na dakika hamsini usiku hadi saa kumi na dakika kumi alfajiri. Tofauti yake inaonekana pale rekodi inapotoka mikononi mwako na kwenda kwa mhasibu, kwenye Excel, kwenye programu nyingine, au kwa mtu wa London anayeisoma kwa jicho.

Ya kwanza, ya herufi, sikushauri uitumie kama unahifadhi kwenye kompyuta. Kwa binadamu inasomeka vizuri. Shida ni kwamba herufi hizi hazina mwenye mali. BST kwa Mwingereza ni saa za kiangazi, kwa mtu wa Bangladeshi ni saa za nchi yake, ambazo ziko saa sita mbele ya UTC. CST ni ya Chikago na pia ni ya Uchina. Na Waingereza wenyewe hawaziheshimu: nimepokea barua pepe za Julai zinazosema "saa 15:00 GMT" ilhali mwandishi alimaanisha saa iliyo ukutani kwake, yaani BST. Mtu anayeandika GMT kwa mazoea mwaka mzima amekunyang'anya kile ulichokihitaji usiku wa Oktoba, kwa sababu hujui kama ameiandika kwa kujua au kwa mkono kuzoea. Kama rekodi yako inatoka kwenye mashine, herufi zitakuwa sahihi. Kama inatoka kwa mtu, zihesabu kama tetesi.

Njia ya B inabandika tofauti na UTC moja kwa moja. Hapo huhitaji kujua BST ni nini, +01:00 inajieleza. Faida yake kubwa ni kwamba rekodi inabeba vitu viwili kwa pamoja: saa aliyoiona mtu wa London ukutani, na mahali halisi pa tukio katika mtiririko wa muda. Ukimpelekea meneja wa kule, anaona 01:50 yake. Ukiipa programu, inapata 00:50 UTC bila kukisia. Kwa kupeana data kati ya mifumo miwili, sijaona iliyo bora kuliko hii.

Ina mitego miwili, na wa kwanza ulinikamata mwenyewe. Nilipanga faili kwa herufi, kama unavyopanga majina, nikidhani mpangilio wa herufi utakuwa mpangilio wa muda. Ukilinganisha kama maandishi, 01:10:00+00:00 inatangulia 01:50:00+01:00, kwa sababu moja-sifuri inatangulia tano-sifuri. Kumbe ya pili ndiyo iliyotokea kwanza. Mpangaji wa maandishi hafiki hata kwenye ile alama ya kujumlisha. Excel nayo, ukiipa mstari wa namna hii, kwa kawaida itaiacha kama maandishi, na mtu wa hesabu ataondoa kile kipande cha mwisho ili "tarehe ifanye kazi". Anapokiondoa, anarudisha tatizo lote.

Mtego wa pili ni kwamba +01:00 haikuambii ni mji gani. Lagos iko +01:00 mwaka mzima. Accra iko +00:00 mwaka mzima. Ukichukua miadi ya 2024-10-26T09:00:00+01:00 ukaisogeza siku moja mbele, unapata 09:00+01:00 ya tarehe 27, na saa hiyo London ukutani ni 08:00. Tofauti ya saa ni picha ya dakika moja. Kanuni ya mji haimo ndani yake.

Njia ya C, UTC tupu inayotambulishwa kwa Z mwishoni, ndiyo ambayo watu wa kompyuta watakupa kabla hujamaliza kuuliza, na kwa tukio lililokwisha kupita wako sahihi. UTC hairudi nyuma Oktoba. Ukipanga kwa herufi, mpangilio unatoka sawa. Ukitoa mwisho kwa mwanzo, hupati hasi wala dakika zilizofichwa. Kama ningeambiwa nichague safu moja tu katika daftari la simu, ningechagua hii.

Nilichojifunza ni kwamba safu moja haitoshi ikiwa kuna mtu atakayeuliza "siku gani". Simu ya London ya 00:30 ya Jumapili ile, kwa UTC ni 23:30 ya Jumamosi. Mkataba ukisema Jumapili inalipwa zaidi, UTC tupu inampunja mtu aliyepokea simu hiyo, isipokuwa uwe na jina la ukanda pembeni, yaani Europe/London, likukumbushe pa kurudi. Jina, si tofauti ya saa. Jina ndilo linalobeba kanuni zote za mji: lini saa inakwenda mbele, lini inarudi. Kwetu jina ni Africa/Dar_es_Salaam, na kanuni yake ni fupi kuliko zote.

Njia ya D ni ya kusema "ya kwanza" au "ya pili". Wajerumani wanayo hata katika kanuni zao rasmi: kwao saa inayojirudia ni ile ya 02:00 hadi 02:59, na ya kwanza inaitwa 2A, ya pili 2B. Kwa mtu wa kawaida hakuna njia inayoeleweka haraka kuliko hii. Katika Python alama hiyo inaitwa fold, ipo tangu toleo la 3.6: sifuri ni ya kwanza, moja ni ya pili. Tazama inavyofanya kazi, kisha tazama mstari wa mwisho:

```python
from datetime import datetime, timezone
from zoneinfo import ZoneInfo
L = ZoneInfo("Europe/London")
a = datetime(2024, 10, 27, 1, 30, tzinfo=L)
b = datetime(2024, 10, 27, 1, 30, tzinfo=L, fold=1)
print(a.isoformat())  # 2024-10-27T01:30:00+01:00
print(b.isoformat())  # 2024-10-27T01:30:00+00:00
print(b - a)          # 0:00:00
```

Nyakati hizo zinapishana kwa saa nzima, na Python yenyewe inakubali hivyo inapoziandika: moja ina +01:00, nyingine +00:00. Lakini ukizitoa, jibu ni sifuri. Hilo halikuja kwa kosa. Waliotunga wameamua kwamba nyakati mbili zikiwa na ukanda uleule, zinatolewa kama saa za ukutani, na alama ya fold inapuuzwa. Hata ukiuliza kama a ni sawa na b, utaambiwa ndiyo. Dawa ni kuzigeuza zote mbili ziwe UTC kwanza, kwa `astimezone(timezone.utc)`, ndipo utoe. Utapata 1:00:00. Ninaitaja kwa kirefu kwa sababu mtu anaweza kuweka alama kwa uangalifu wote, kila rekodi ikawa sahihi, halafu akapoteza saa ya mfanyakazi kwenye hesabu ya mwisho.

Udhaifu mwingine wa D ni kwamba peke yake haina maana. fold=1 ya 01:30 inahitaji jina la ukanda pembeni, la sivyo ni kama kusema "mtoto wa pili" bila kusema wa nani. Na mahali pengi pa kuhifadhia data hakuna safu ya alama hiyo. Usipoitengeneza mwenyewe, itadondoka njiani bila kukuaga.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote katika ulinganisho huu. Fikiria hukuchagua njia yoyote. Umeandika 01:30 na jina Europe/London, basi. Programu haitakataa. Itakuchagulia. Na programu hazichagui sawa. Python, kama ulivyoona, usiposema kitu inachukua ya kwanza. Java, kupitia ZonedDateTime, nayo inachukua ya kwanza. Hifadhidata ya PostgreSQL inachukua ya pili, yaani tofauti ya saa inayotumika baada ya badiliko:

```sql
SET TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam';
SELECT timestamp '2024-10-27 01:30' AT TIME ZONE 'Europe/London';
-- 2024-10-27 04:30:00+03
```

Saa kumi na nusu alfajiri. Python ingekupa saa tisa na nusu usiku. Mfumo wetu ulikuwa na vyote viwili: Python ilisoma faili la simu, PostgreSQL ilisoma ratiba ya zamu. Simu za saa ya kwanza na za saa ya pili zote ziliingia kama za kwanza, na mapumziko ya watu yote yaliingia kama ya pili. Kwa muda niliona kwenye skrini mtu akiwa anazungumza na mteja na yuko mapumzikoni papo hapo. Nilidhani wanadanganya. Wala.

Kwa hiyo nilikuwa na faili ambalo tayari limeandikwa vibaya, na dada anayesubiri. Mtu akiwa katika hali hiyo, cha kwanza cha kutazama ni mpangilio wa mistari. Saa ikiwa inapanda, 01:38, 01:46, 01:50, halafu ghafla ikashuka 01:14, hapo katikati ndipo saa iliporudi. Vilivyo juu ni vya kwanza, vilivyo chini ni vya pili. Inafanya kazi kama simu ni nyingi. Kama usiku ulikuwa mkimya na una simu moja tu ya 01:30, mpangilio haukuambii lolote. Tena mifumo mingi ya simu huandika mstari pale simu inapokatwa, si inapoanza, kwa hiyo simu ndefu inaruka nyuma ya simu fupi zilizoanza baada yake, na kushuka kwa saa kunaweza kuwa ni hilo tu.

Kilichotuokoa kilikuwa kwingine. Mfumo wa simu ulikuwa Asterisk, na faili lake la CSV, usipobadilisha mpangilio, huandika saa za ukutani za seva. Seva ilikuwa imewekwa saa za London. Lakini katika hifadhidata ya mfumo huohuo kila simu ilikuwa na safu inayoitwa uniqueid, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama kwa sababu inaonekana kama namba ya ovyo. Siyo ya ovyo. Sehemu iliyo kabla ya nukta ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa UTC, zilizohesabiwa simu ilipoingia. Sekunde hizo hazirudi nyuma Oktoba.

Ukijua namba ya mpaka, kazi imekwisha. Saa 01:00 UTC ya tarehe 27 Oktoba 2024 ni sekunde 1729990800. Simu yenye uniqueid iliyo chini ya hapo iliingia katika saa ya kwanza. Iliyofika au kupita hapo iliingia katika ya pili. Simu ya dakika hasi arobaini ilikuwa na namba inayoanza 1729990200. Sekunde 600 kabla ya mpaka, yaani dakika kumi, yaani 01:50 ya kwanza. Mwisho wake tuliupata kwa safu ya duration, ambayo inahesabu sekunde za simu bila kujali saa ya ukutani: 1200. Jumlisha, unafika 1729991400, sekunde 600 baada ya mpaka, 01:10 ya pili. Dakika ishirini. Safu hiyohiyo ya duration ndiyo inayofichua simu za 01:20 hadi 01:40 zinazojifanya fupi: toa mwisho kwa mwanzo, linganisha na duration, na popote pengo linapokuwa sekunde 3600 kamili umeshika moja. Tulishika mbili.

Sasa uchaguzi. Kwa jambo lililotokea na mashine ikalirekodi, hifadhi C, na jina la ukanda katika safu ya pili. Hapo sioni ubishi wa maana. Kwa Asterisk hiyo ni kubadilisha mistari miwili katika cdr.conf:

```
[csv]
usegmtime=yes
loguniqueid=yes
```

Unapotoa ripoti au kumpa mwingine faili, toa B. Ukitaka B yenye jina pia, tangu 2024 kuna mwandiko rasmi wake, RFC 9557, ambao huweka ukanda katika mabano mraba mwishoni: `2024-10-27T01:50:00+01:00[Europe/London]`. Umezidi urefu, lakini hakuna kilichopotea ndani yake.

Kwa jambo la mbele hesabu inageuka. Mtu anapanga leo zamu ya Oktoba mwakani, ianze 01:30 London. Ukiigeuza kuwa UTC leo, umeifunga kwa kanuni za leo, na serikali hubadilisha kanuni za saa, mara nyingine kwa taarifa ya wiki chache. Hapo hifadhi alichosema mtu: saa ya ukutani, jina la ukanda, na D, yaani kama ni ya kwanza au ya pili. Igeuze kuwa UTC siku inapokaribia.

Na mtu anapojaza fomu kwa mkono, mwulize kwa D pia, ila uulize pale tu panapohitajika. Kuijua saa yenye utata ni rahisi: chukua saa aliyoijaza, itazame kwa fold=0 kisha kwa fold=1. Tofauti na UTC ikiwa ileile, hakuna utata. Ikiwa ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, hiyo ni saa iliyojirudia. Mwonyeshe machaguo mawili. Usiishie kuangalia kama zinapishana tu, kwa sababu zinapishana pia Machi, saa inapokwenda mbele, ila huko ya kwanza ni ndogo, na maana yake ni kwamba saa aliyoandika haikuwepo kabisa. Mwanzoni fomu yangu ilimwuliza mtu "01:30 ya kwanza au ya pili?" kwa usiku wa Machi ambao haukuwa na 01:30 hata moja.

Maneno ya swali nayo niliyabadilisha. Vijana wa zamu hawakuelewa "ya kwanza au ya pili" kwa sababu wao saa yao haikujirudia. Sasa fomu inawaonyesha saa za huku: "Saa tisa na nusu usiku, au saa kumi na nusu alfajiri?" Hakuna aliyekosea tangu hapo.

Yule dada alilipwa saa yake, na zile simu mbili zilizojificha zikaongezwa kwa wenyewe. Kisha ofisi ikapata mteja wa New York, na bosi akaniuliza kama kuna la kubadilisha. Kule saa hurudi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kutoka 02:00 hadi 01:00, na kwetu wakati huo ni saa tatu kamili asubuhi. Kwa hiyo 01:30 yao ya kwanza ni saa mbili na nusu asubuhi, na ya pili ni saa tatu na nusu. Nikabadilisha jina la ukanda likawa America/New_York. Mengine yote yakabaki yalivyo.